Sekunde zilizopotea kati ya saa ya mkononi na kamera

*“Jambo, Mwalimu. Mdogo wangu ana miaka 18, anakimbia mita 100 hapa Lubumbashi. Mwezi wa sita alipimwa kwenye uwanja wa shule: mtu alipuliza filimbi pale mwanzo, kocha wake akasimama mwisho na kronometa, akapata 10.72. Wiki sita baadaye alikimbia Zambia, kwenye mashindano yenye kamera, wakamwandikia 11.31. Kocha anasema kuna desturi ya kuongeza 0.24 kwa ajili ya mkono, lakini hata tukiongeza tunafika 10.96 tu. Hiyo 0.35 nyingine imetoka wapi? Wengine wanasema mashine ilimwibia, wengine kwamba mtoto ameanza kurudi nyuma. Yeye mwenyewe hataki tena mazoezi.”*

Dada yangu, nianze na mdogo wako. Kutokana na namba hizi mbili peke yake, hakuna mtu anayeweza kusema kwamba amerudi nyuma, wala kwamba mashine imemwibia. Namba hizo zimepimwa kwa mizani mbili tofauti, na mizani ya kwanza ilikuwa na upungufu mkubwa kuliko ule ambao 0.24 ilitengenezwa kuufidia.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata makocha wenye umri wangu. Watu wakisikia kwamba 0.24 ni kwa ajili ya “muda wa kushtuka”, hudhani ni kushtuka kwa mkimbiaji anaposikia mlio. Sivyo. Muda ambao mkimbiaji anakawia kuondoka umo ndani ya matokeo yake siku zote, awe amepimwa kwa mkono au kwa kamera. Usain Bolt alipokimbia 9.58 kule Berlin mwaka 2009, alikawia sekunde 0.146 baada ya mlio, na hiyo 0.146 imo ndani ya 9.58, hakuna aliyeitoa. Vilevile ile kanuni inayosema anayeondoka kabla ya sekunde 0.100 kupita amevunja mwanzo ni habari ya mkimbiaji na vibao vyake vya kuanzia. Kushtuka tunakokufidia kwa 0.24 ni kwa mtu mwingine kabisa: ni kwa yule aliyeshika saa.

Mtazame kwa karibu. Amesimama kwenye mstari wa mwisho, mita 100 kutoka kwa mwanzishaji, kidole kikiwa juu ya kitufe. Bastola inapiga, moshi au mwanga unatokea, jicho linaona, habari inakwenda kwenye ubongo, ubongo unaagiza kidole, kidole kinabonyeza. Safari hiyo, kwa mtu mzima aliyetulia na aliyezoea, inachukua karibu sekunde 0.2. Wakati saa inaanza kuhesabu, wakimbiaji wako kazini tayari kwa muda huo wote. Kama kidole hicho kingechelewa kiasi kilekile kwenye mwisho, makosa mawili yangefutana na hesabu ingekuwa sawa. Lakini hakichelewi. Mwanzo humshtua mshika saa kwa sababu hajui bastola italia lini, ilhali mwisho anauona ukija: anamwona kijana akiwa na mita ishirini, kumi, tano, na mkono wake unajitayarisha kubonyeza pale kifua kinapofika. Anabonyeza karibu na wakati wenyewe, na wengine, wakishangilia kijana wao, hubonyeza hata kabla. Basi saa inachelewa kuanza na haichelewi kusimama, na tofauti hiyo yote inamwendea mkimbiaji kama zawadi.

Kamera haina kidole. Bastola inapopigwa, ishara ya umeme inaanzisha saa papo hapo, na kabla ya mashindano maofisa hupima kwamba mwanzo huo haukawii zaidi ya sekunde 0.001. Kule mwisho, kamera inaangalia ufito mwembamba tu wa uwanja, yaani mstari wenyewe, ikiupiga picha mara elfu moja au zaidi kwa sekunde na kuzipanga vipande kwa vipande. Ndiyo maana picha yake huonekana ya ajabu, miguu imevutwa na mikono imepinda: upana wake si nafasi, ni muda. Msomaji wa picha anasogeza mstari mpaka uguse kiwiliwili, si kichwa, wala mkono, wala mguu, kisha anasoma namba. Kijana wako akiomba kuonyeshwa picha yake siku ya mashindano, maofisa wengi humwonyesha bila shida.

Sasa kuhusu 0.24 yenyewe. Ni desturi ya kulinganisha tu: mtu akiwa na matokeo ya mkono ya mita 100 au 200, anaongeza 0.24 ili ayaweke kwenye orodha moja na ya kamera. Kwa mita 400 wanaongeza 0.14. Haigeuzi matokeo ya mkono kuwa ya kamera, na haikubaliki mahali ambapo kamera inadaiwa, kama kwenye rekodi za dunia za mbio fupi, ambazo tangu mwaka 1977 hupokelewa kwa kamera peke yake. Tena 0.24 ni wastani wa watu wengi waliozoea kazi hiyo. Haina uhakika kwa mtu mmoja wala kwa siku moja.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha vijana ni wa tarehe 20 Juni 1968, mjini Sacramento, Marekani. Kwenye nusu fainali ya mita 100, Jim Hines alishinda na Ronnie Ray Smith akamfuata. Washika saa wakawaandikia wote wawili 9.9, na nusu fainali ya pili Charles Greene naye akapata 9.9. Rekodi ya dunia, watu watatu, jioni moja. Lakini kulikuwa na mashine pia, nayo ilisoma 10.03 kwa Hines, 10.14 kwa Smith na 10.10 kwa Greene. Angalia Hines na Smith: walikimbia mbio moja, wakapishana kwa sekunde 0.11, ambayo kwa mwendo wao ni zaidi ya mita nzima, na saa za mkononi zikawaona wako sawa. Tena ukitoa 9.9 kwenye namba za mashine unapata 0.13, 0.24 na 0.20. Hao walikuwa washika saa wa mashindano ya taifa la Marekani, tofauti yao ikacheza namna hiyo. Sembuse mtu mmoja kwenye uwanja wa shule.

Turudi kwa mdogo wako. Kosa la kwanza la kocha ni dogo na ni la kawaida: ameongeza 0.24 juu ya 10.72. Kronometa za siku hizi zinaonyesha mia za sekunde, na macho hudanganyika kufikiri kwamba tarakimu mbili baada ya nukta zinaifanya kuwa ya umeme. Kanuni ya riadha inasema matokeo ya mkono kwenye uwanja huandikwa kwa sehemu za kumi tu, na kila kinachozidi hupandishwa juu: 10.70 inabaki 10.7, lakini 10.71 tayari ni 10.8. Basi 10.72 ni 10.8, na ile 0.24 iliwekwa kwa ajili ya matokeo yaliyokwisha kupandishwa hivyo. Hapo tunapata 11.04. Tumeshapunguza pengo kutoka 0.35 hadi 0.27 bila kumgusa mtoto.

Kosa la pili ndilo kubwa, na ninafurahi kwamba umetaja filimbi, maana bila neno hilo ningekujibu vibaya. Mshika saa hufundishwa kutazama moshi au mwanga wa bastola, asisubiri mlio. Sababu ni kwamba mwanga unafika papo hapo, ilhali sauti inatembea. Kwenye hewa ya joto kama la mji wetu inakwenda karibu mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo mita 100 zinaichukua sekunde 0.29. Vijana pale mwanzo waliisikia filimbi mara moja na kuondoka. Kocha kule mwisho aliisikia 0.29 baadaye, na ndipo kushtuka kwake kwa sekunde 0.2 kulipoanza. Saa yake ilianza ikiwa imechelewa karibu nusu sekunde. Desturi ya 0.24 haijui habari ya safari hiyo ya sauti, kwa sababu iliwekwa kwa watu wanaotazama moshi. Tukiiongeza: 11.04 na 0.29 ni 11.33. Kamera ya Zambia ilisema 11.31.

Usishangilie sana kukaribiana huko. Kumetokea vizuri, lakini saa ilikuwa moja na aliyeishika ni mmoja, na mtu mmoja anaweza kwenda huku na huku kwa 0.1 bila kujua. Hesabu hii inatosha kuonyesha kwamba pengo lote linaweza kuelezwa bila mtoto kurudi nyuma hata hatua moja. Haitoshi kuthibitisha kwamba siku ile ya shule alikimbia 11.33 hasa.

Na hapa kwetu filimbi haitaisha kesho. Bastola ya kuanzishia haipigwi hovyo katika mji ambao watu wakisikia mlio wa namna hiyo wanakimbia kwa sababu nyingine, na hata ruhusa ikipatikana risasi zake za mlio hazipatikani. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kushika saa kwa filimbi msimu mzima na kuwaandikia vijana matokeo mazuri mno, mpaka mmoja wao akaenda kukimbia mbele ya kamera akarudi na uso kama wa mdogo wako. Nilikuwa nimemwahidi 10.9, na alistahili 11.4. Tangu hapo sikushika tena saa kwa masikio.

Dawa ni rahisi. Mwombeni fundi seremala awatengenezee vibao viwili vya mbao vyenye bawaba, kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, kimoja kipakwe rangi nyeupe upande wa ndani. Mwanzishaji anavinyanyua juu ya kichwa vikiwa wazi na kuvipiga pamoja kwa nguvu: wakimbiaji wanasikia mlio mkali, na mshika saa anaona weupe ukizimika. Filimbi pia ina ubaya mwingine, kwamba sauti yake inapanda polepole na kila kijana anachagua mwenyewe mahali pa kuanzia, wakati mbao hupiga mara moja. Mwanzishaji asimame mahali ambapo nyuma yake hakuna watu wala ukuta mweupe, la sivyo mtu aliye umbali wa mita 100 hatamwona vizuri, hasa katika kiangazi chetu vumbi jekundu likiwa limepanda.

Halafu washika saa wawe watatu, wamesimama sawasawa na mstari wa mwisho, pembeni kwa mita tano au zaidi, wameinuliwa kidogo hata kwa benchi la darasani, na kila mmoja aandike namba yake kabla ya kuwaonyesha wenzake. Saa mbili zikikubaliana, hiyo ndiyo. Zote tatu zikitofautiana, mnachukua ya katikati. Mkibaki na mbili tu zisizokubaliana, mnachukua iliyo kubwa. Msifanye wastani. Ubaya wa wastani ni kwamba yule aliyesinzia au aliyebonyeza kwa furaha anawavuta wenzake, ilhali ya katikati inamwacha nje.

Kama hamna watu watatu, simu moja inaweza kuwafaa kuliko kocha mwenye haraka. Iwekeni kwenye kiti cha miguu mitatu au juu ya tofali, sawasawa kabisa na mstari wa mwisho, irekodi video ya kawaida yenye picha 60 kwa sekunde kuanzia kabla ya mlio hadi wote wapite. Nyumbani, fungueni video kwenye kompyuta, tafuteni wakati mlio wa mbao unapoanza kusikika, kisha picha ya kwanza ambayo kifua kimegusa mstari, mtoe kimoja kwa kingine, na muongeze 0.29 ya safari ya sauti. Tuseme mlio umesikika sekunde 4.10 tangu video ianze na kifua kimefika 15.12, hapo ni 11.02, ukiongeza 0.29 unapata 11.31. Hakuna kidole cha mtu ndani ya hesabu hiyo. Picha moja na nyingine zimeachana kwa sekunde 0.017, na simu nyingine huichelewesha sauti kidogo dhidi ya picha, kwa hiyo mhesabu kwamba mnaweza kukosea kwa sekunde 0.02 au 0.03. Si matokeo rasmi, maana kanuni haitambui kamwe mtambo unaojiendesha upande mmoja na kusaidiwa na mtu upande mwingine, lakini kwa kujua kama kijana anapanda au anashuka inatosha kabisa.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo saa haihusiki nayo. Kwanza, uwanja wa shule ulipimwa kwa nini? Kama ni kwa hatua za mtu, au kwa kamba tu, kumbukeni kwamba kijana wa mwendo wake anamaliza karibu mita kumi kwa sekunde, hivyo kila mita iliyopungua ni zawadi ya sekunde 0.1. Chukueni utepe wa chuma wa mafundi wa ujenzi mpime upya, kuanzia ukingo wa mstari wa mwanzo ulio mbali na mwisho hadi ukingo wa mstari wa mwisho ulio karibu na wakimbiaji. Pili, upepo. Kwenye karatasi ya matokeo ya Zambia lazima kuna namba ndogo yenye alama ya kuongeza au kutoa karibu na mbio zake. Ikiwa ni kama −1.0, alikimbia dhidi ya upepo uliomgharimu karibu 0.05. Siku ya shule hakuna aliyepima, na mwezi wa sita upepo wetu wa kiangazi unajulikana. Mwinuko wa nchi hauna kesi hapa: Lubumbashi na Lusaka, au miji ya Copperbelt, hazipishani kiasi cha kubadilisha mbio za mita 100.

Niseme na upande usiomsaidia kijana, kwa sababu atakuja kuuliza. Udongo mwekundu uliolegea unamnyima mkimbiaji nguvu kidogo, na njia ya mbio iliyotandazwa raba inamrudishia. Tungetarajia basi akimbie Zambia kidogo vizuri kuliko shuleni, na kama uwanja wa Zambia ulikuwa wa namna hiyo, ile 11.31 inaweza kuficha uchovu mdogo, safari ndefu ya basi, au woga wa kuinama kwa mara ya kwanza kwenye vibao vya kuanzia. Siwezi kuupima uchovu huo kutoka kwenye barua. Anaweza kuupima yeye, akipimwa tena kwa simu na mbao kwenye uwanja uleule uliopimwa kwa utepe, mara tatu katika wiki tatu, akiwa amepumzika. Zikija 11.2 hadi 11.4, hana tatizo. Zikija 11.6 na kuendelea, huku akilalamika paja la nyuma au usingizi, msishughulike tena na saa: mpelekeni kwa daktari au mtaalamu wa viungo amshike mguu huo kwa mikono yake.

Kwa upande wa kocha, msimfanye mkosaji mbele ya vijana. Alifanya kama alivyofundishwa na waliomfundisha. Mwombeni mmoja wa maofisa wa riadha wa mkoa, mwenye cheti cha kushika saa, aje asimame naye mwisho kwa asubuhi moja, kila mtu na saa yake, mbio kumi au kumi na mbili, simu ikirekodi. Kila mshika saa ana tofauti yake ya kudumu: mmoja daima anatoa 0.15, mwingine 0.30. Kocha akishaijua yake, ataiandika ndani ya jalada la daftari lake na kuiongeza badala ya 0.24 ya watu wengine.

Na kwenye daftari la mdogo wako, mfute ile 10.72. Aandike 11.31, tarehe, upepo, na herufi yoyote mtakayoichagua kuonyesha kwamba ni ya kamera. Za mkono aziandike kwenye ukurasa mwingine, kwa tarakimu moja tu baada ya nukta, ili asizisome tena pamoja.